Ufupisho wa Taarifa ya Mlipuko kwa Kitongoji: Maneno Madogo na Usahihi wa Maelekezo ya Marburg katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Taarifa ya mlipuko wa ugonjwa inapofupishwa ili isomwe katika kitongoji, upotoshaji mwingi hautokani na kuachwa kwa sentensi nzima bali na kubadilika kwa maneno madogo: viunganishi *na* na *au*, vihusishi *baada ya* na *ndani ya*, vivumishi vya kadiri, na kiambishi cha mtenda. Makala hii inachambua matini moja ya mfano kuhusu ugonjwa wa Marburg na fupisho zake mbili, kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kanuni za ufupisho za Kintsch na van Dijk zinatumika kuonesha kwamba kanuni ya kujumlisha, ambayo ndiyo msingi wa zoezi la ufupisho shuleni, ndiyo inayoharibu zaidi dalili, hatua za kinga na maelekezo ya kutoa taarifa.

1.0 Utangulizi

Katikati ya Machi 2023, wakazi wa Bukoba Vijijini walitangaziwa kuwapo kwa ugonjwa ambao haukuwa umetambuliwa bado. Watu saba walikuwa wameonesha dalili, na watano kati yao walikwisha kufariki. Tarehe 21 Machi Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa huo ni Marburg. Katika siku hizo chache za katikati, jamii ilikuwa na taarifa isiyo na jina la ugonjwa: ilikuwa na dalili, tahadhari na maelekezo tu, na bado taarifa hiyo ilitosha kumwelekeza mtu la kufanya. Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu, kwa sababu linaonesha ni sehemu ipi ya taarifa ya mlipuko inayofanya kazi. Jina la ugonjwa, historia yake na familia ya virusi vyake ni maarifa. Dalili, kinga na namna ya kutoa taarifa ni maagizo ya kutenda, na matini ya maagizo haivumilii ulegevu ambao matini ya maarifa huuvumilia.

Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni 2023, baada ya wagonjwa tisa na vifo sita. Mwingine ulitangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024, na wa tatu ulitangazwa Januari 2025, kitovu chake kikiwa wilaya ya Biharamulo, mkoa uleule wa Kagera. Karagwe na Kyerwa hazikuwa kitovu cha mlipuko wowote kati ya hiyo mitatu. Hata hivyo, wilaya hizi zinapakana na Rwanda kwa upande wa magharibi, na Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana pia na Uganda. Kitongoji kilichopo huko hupokea tahadhari kabla ya kupata mgonjwa, na huipokea kwa njia ndefu. Taarifa huandikwa kwa Kiswahili sanifu cha kitaalamu, hufupishwa na mtendaji wa kijiji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kisha husomwa kwa sauti mkutanoni, mara nyingi ikifafanuliwa papo hapo kwa Runyambo. Makala hii inajihusisha na hatua ya pili katika njia hiyo, yaani ufupisho wenyewe.

2.0 Kanuni za ufupisho na mahali zinapokwama

Kintsch na van Dijk (1978) walieleza kwamba msomaji anayefupisha matini hutumia kanuni tatu. Hudondosha kauli ambazo kauli nyingine hazizitegemei. Hujumlisha kauli kadhaa chini ya kauli moja pana zaidi. Na huunda kauli mpya inayosimama badala ya mfululizo wa matukio. Zoezi la ufupisho katika shule za sekondari nchini Tanzania, ingawa halitaji nadharia hiyo, limejengwa juu ya msingi huohuo. Mwanafunzi huelekezwa aondoe mifano, marudio na orodha, apate wazo kuu la kila aya, kisha aliandike kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hadithi au hotuba, maelekezo hayo yanafaa.

Kwa taarifa ya mlipuko hayafai yote kwa kadiri moja. Kudondosha si hatari sana, kwa sababu kilichodondoshwa huonekana kwamba hakipo, na msikilizaji anaweza kukiulizia. Kujumlisha ni hatari zaidi, kwa kuwa kauli iliyojumlishwa huonekana kamili. Anayesikia *kugusa wagonjwa* hana sababu ya kuuliza habari za matandiko au za maiti; kauli imefungwa. Orodha ya dalili nayo si mifano ya wazo kuu fulani lililojificha nyuma yake, kwa maana orodha yenyewe ndiyo wazo.

Kipo kigezo kimoja kinachofaa kutumiwa kabla ya kugusa sentensi yoyote: je, msikilizaji akiikosa sentensi hii, au akiisikia kwa namna nyingine, atatenda tofauti? Kama hatatenda tofauti, sentensi iondoke bila majuto. Kama atatenda tofauti, sentensi ibaki, na kinachoruhusiwa kubadilishwa ni msamiati na mpangilio, si mipaka ya maana yake.

3.0 Matini chanzo na ufupisho wa kwanza

Matini ifuatayo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Yaliyomo yanafuata maelezo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu Marburg, pamoja na utaratibu wa kutoa taarifa unaotumika nchini.

> Ugonjwa wa Marburg husababishwa na virusi vya familia moja na virusi vya Ebola, na ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967. Chanzo chake katika mazingira ni popo walao matunda, na watu huweza kuambukizwa wakikaa kwa muda mrefu katika mapango au machimbo wanamoishi popo hao. Baada ya hapo virusi huenea kati ya watu kwa kugusa moja kwa moja damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mwili wa mtu mwenye dalili au wa aliyefariki kwa ugonjwa huo, na kwa kugusa vitu vilivyochafuliwa na majimaji hayo, kama vile nguo na matandiko. Mtu haambukizi wengine kabla hajawa na dalili. Dalili huanza kati ya siku 2 na siku 21 tangu kuambukizwa. Ugonjwa huanza ghafla kwa homa kali, maumivu makali ya kichwa na uchovu mkubwa, na mara nyingi maumivu ya misuli. Kuharisha majimaji, maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kutapika huweza kuanza siku ya tatu ya ugonjwa. Baadhi ya wagonjwa hutokwa damu, kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya saba. Hakuna chanjo wala dawa mahsusi iliyoidhinishwa. Hata hivyo, kurudishiwa maji mwilini na kutibiwa dalili mapema huongeza uwezekano wa kupona. Waliotangamana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21 tangu mgusano wa mwisho. Maziko ya aliyefariki kwa ugonjwa huu, au anayeshukiwa kufariki kwao, yafanywe na timu iliyopata mafunzo. Mwenye dalili, au anayemjua mwenye dalili, atoe taarifa mara moja katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu au kwa kupiga simu namba 199, isiyotozwa malipo.

Mfupishaji anayefuata mazoea ya shuleni anaweza kufikia matini kama hii:

> Marburg ni ugonjwa hatari usio na tiba. Dalili zake ni homa, kuharisha na kutokwa damu, na huonekana baada ya siku 21. Huambukizwa kwa kugusa wagonjwa. Epuka wagonjwa na misiba. Ukiona dalili hizi, ripoti kwa viongozi.

Kwa vigezo vya mtihani, ufupisho huu hauna kosa kubwa. Ni mfupi, una mtiririko, na kila sentensi yake ina mzizi katika matini chanzo. Lakini mtu anayeutii neno kwa neno atakaa na mgonjwa nyumbani mpaka damu itoke, atamwosha marehemu akiamini kwamba maiti si mgonjwa, na siku ya ishirini na moja atampigia simu mtu ambaye hakutajwa ni nani. Inafaa kuangalia jinsi kila hitilafu ilivyoingia.

4.0 Uchambuzi

*4.1 Dalili: kiunganishi, kadiri na wakati*

Sentensi *dalili zake ni homa, kuharisha na kutokwa damu* ina tatizo la kiunganishi. Katika Kiswahili, *na* inayofunga orodha inaweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba vitu hivi vimo katika kundi hili, au kwamba vitu hivi huwapo vyote kwa pamoja. Mtaalamu wa afya husoma orodha ya dalili kwa maana ya kwanza. Msikilizaji anayejaribu kuamua kama mtoto wake ana ugonjwa huo husoma kwa maana ya pili, na hana makosa, kwa sababu sarufi inamruhusu. Yeye hulinganisha: homa ipo, kuharisha kupo, damu haipo, basi siyo Marburg.

Matini chanzo ilizuia usomaji huo kwa vipashio vitatu ambavyo ufupisho umevifuta. Cha kwanza ni *baadhi ya wagonjwa*, kinachoiondoa damu katika masharti. Cha pili ni *huweza*, kinachofanya vivyo hivyo kwa kuharisha na kutapika. Cha tatu ni mpangilio wa siku. Homa, kichwa na uchovu huja kwanza. Tumbo huja kuanzia siku ya tatu. Damu, kama itakuja, huja kati ya siku ya tano na ya saba. Ufupisho umezileta dalili zote katika siku moja isiyo na tarehe. Kwa kuwa wagonjwa wanaofariki kwa Marburg kwa kawaida hufariki siku ya nane au ya tisa, anayesubiri damu amesubiri sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe, na wauguzaji wake wamekuwa wakigusa matapishi na kinyesi kwa siku kadhaa.

Neno *homa* linahitaji uangalifu wa peke yake. Katika matumizi ya kawaida nchini, *homa* hutaja joto la mwili lililopanda na hutaja pia malaria yenyewe; mtu husema *nina homa* akiwa na maana ya ugonjwa anaoufahamu na ambao pengine amekwisha kuununulia dawa. Vivumishi *kali* na *ghafla* si mapambo hapo. Ndivyo vinavyoitenga homa inayotajwa na homa iliyozoeleka, japo havitoshi kuitenga kabisa, kwa maana malaria nayo inaweza kuanza kwa nguvu. Wako wanaopendekeza kifungu *dalili kama za malaria*, kwa hoja kwamba kinaeleweka haraka. Kinaeleweka haraka mno. Kifungu hicho ni mfano halisi wa kujumlisha: kinamwambia msikilizaji afanye lile analofanya kila anapoumwa malaria. Ikiwa ulinganisho huo lazima uwepo, na usemwe kinyume chake, kwamba mwanzo wa ugonjwa huu hauwezi kutofautishwa na malaria kwa macho, ndiyo maana vipimo vinahitajika.

*4.2 Siku 21: kihusishi na mahali pa kuanzia kuhesabu*

Tarakimu 21 imetajwa mara mbili katika matini chanzo, kwa kazi mbili tofauti. Mara ya kwanza ni ukomo wa muda ambao dalili zinaweza kuchelewa. Mara ya pili ni urefu wa ufuatiliaji. Mfupishaji aliyeona tarakimu ileile mara mbili aliichukua mara moja, kama alivyofunzwa kuhusu marudio, kisha akaitanguliza na *baada ya*. Kihusishi hicho kimegeuza ukomo kuwa mwanzo. *Kati ya siku 2 na siku 21* ina maana kwamba mtu anaweza kuugua kesho kutwa. *Baada ya siku 21* ina maana kwamba yuko salama kwa wiki tatu. Hakuna neno jingine katika ufupisho ule lililoibeba hatari kubwa kiasi hicho kwa herufi chache namna ile.

Hata kihusishi kikiwa sahihi, hesabu inahitaji mahali pa kuanzia. Matini chanzo inasema *tangu mgusano wa mwisho*, na neno *mwisho* ndilo linaloachwa kwa urahisi. Mama aliyemuuguza mgonjwa kwa siku sita hahesabu kuanzia siku alipoanza kumuuguza. Kuna pia desturi ya kuhesabu siku pamoja na siku ya tukio lenyewe, kama inavyofanyika katika kuhesabu siku za msiba, ambayo humpunguzia mtu siku moja. Njia nyepesi ya kuondoa mashaka yote mawili ni kutumia *wiki tatu* badala ya *siku 21*. Muda ni uleule, lakini wiki hufungwa na jina la siku: aliyemgusa mgonjwa kwa mara ya mwisho siku ya gulio la Jumatano atajiangalia hadi Jumatano ya tatu inayofuata. Usahihi, basi, si lazima uwe wa kunakili tarakimu. Ubadilishaji unakubalika pale ambapo pande mbili zinalingana kamili, na wiki tatu na siku 21 zinalingana kamili. *Kama mwezi hivi* hailingani.

Suala hili lina upande wake wa Runyambo. Kiswahili kina kiambishi *-li-* kwa tendo la jana na la miaka iliyopita. Lugha za kundi ambamo Runyambo imo, pamoja na jirani yake Ruhaya, hutofautisha katika kitenzi wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali, na sarufi ya Runyambo iliyoandikwa na Josephat Rugemalira ni rejeo la kuanzia kwa anayetaka kulifuatilia jambo hilo. Kwa mfasiri wa papo hapo mkutanoni, sentensi *kama ulimgusa mgonjwa* inamlazimisha achague umbali ambao Kiswahili hakikuutaja. Akichagua wa karibu, aliyemgusa mgonjwa wiki mbili zilizopita anaweza kujiona hahusiki. Ufupisho wa Kiswahili unaotaja *wiki tatu zilizopita* waziwazi haumwachii mfasiri nafasi ya kukisia.

*4.3 Kinga: yambwa za kitenzi ‘gusa’*

Maelekezo ya kinga dhidi ya Marburg yanabebwa karibu yote na kitenzi kimoja, *gusa*, na ugumu wake umo katika yambwa. Matini chanzo ina yambwa nne: majimaji ya mwili wa mwenye dalili, majimaji ya mwili wa aliyefariki, nguo zilizochafuliwa, na matandiko. Ufupisho una moja, *wagonjwa*. Katika ngeli za Kiswahili *mgonjwa* na *maiti* hazikai pamoja kimaana: anayekufa huacha kuitwa mgonjwa na huitwa marehemu. Hivyo *usiguse mgonjwa* haimkatazi mtu kuosha maiti, na kuosha maiti ndilo tendo ambalo jamaa wa karibu hulihesabu kuwa wajibu.

Upande mwingine ufupisho umepanua pasipostahili. *Epuka wagonjwa na misiba* ni agizo ambalo matini chanzo haikulitoa. Wagonjwa wa malaria wapo, na misiba ya uzee ipo. Agizo lisilotekelezeka hupuuzwa lote, pamoja na sehemu yake iliyokuwa ya kweli. Matini chanzo inakataza jambo dogo na mahsusi zaidi, yaani kushika maiti na kuzika bila timu iliyopata mafunzo pale ugonjwa huu unaposhukiwa.

Neno *waliotangamana*, linalopendwa na taarifa rasmi, linafaa kuangaliwa hapa. Kutangamana ni kuchanganyika na kuwa pamoja. Kwa maana hiyo kijiji kizima kimetangamana. Anayetafutwa katika ufuatiliaji ni yule aliyegusa, aliyeuguza, aliyelala pamoja na mgonjwa au aliyefua nguo zake. Taarifa nyingine hutumia *waliowasiliana na mgonjwa*, jambo linalozua picha ya simu. Katika ufupisho wa kitongoji, vitenzi vya wazi vinafaa kuliko istilahi zote mbili.

Na kwa Kyerwa hasa, kipashio *au machimbo* hakipaswi kuondoka. Mfupishaji wa mahali pengine angeweza kuacha sentensi ya popo yote, kwa kuwa wakati wa mlipuko maambukizi mengi ni ya mtu kwa mtu. Kyerwa ina machimbo ya madini ya bati, na kwa mchimbaji sentensi ile si habari ya wanyama bali ya mahali pa kazi. Kigezo cha tendo kinatoa majibu tofauti katika vitongoji tofauti, na ndivyo inavyotakiwa.

*4.4 Taarifa na tiba: mtenda, mtendwa na ukanushi*

*Ripoti kwa viongozi* imeacha maswali manne: nani, kwa nani, lini, na aseme nini. Kiswahili cha ofisini huficha mtenda kwa kauli ya kutendwa, kama katika *taarifa zitolewe mapema*, na kila mjumbe mkutanoni huamini kwamba mwingine ndiye aliyekusudiwa. Kauli ya kutenda yenye nafsi ya pili umoja hukata njia hiyo. Matini chanzo imetaja watu wawili wanaoweza kutoa taarifa, mwenye dalili na anayemjua mwenye dalili, na ufupisho lazima uwahifadhi wote wawili kwa *au*, kwa sababu mtu mwenye homa kali anaweza asiweze kupiga simu. Namba 199 inakiliwe kama ilivyo na isomwe tarakimu moja moja, *moja, tisa, tisa*, na ile sifa ya kutotozwa malipo ibaki: huamua kama mtu asiye na salio atajaribu.

Mwisho ni *usio na tiba*. Matini chanzo imekanusha kitu chembamba, dawa mahsusi iliyoidhinishwa. Ufupisho umekanusha tiba, neno ambalo katika Kiswahili hujumuisha kila namna ya kumhudumia mgonjwa. Mtu aliyeambiwa kwamba tiba hakuna hana sababu ya kupiga 199. Ushahidi wa milipuko yenyewe unaonesha jinsi kauli za jumla kuhusu vifo zilivyo na utelezi: katika mlipuko wa Biharamulo wagonjwa wote kumi waliohesabiwa, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, walifariki, nchini Rwanda walifariki 15 kati ya 66. Ugonjwa ni uleule. Asilimia ya vifo, kwa hiyo, iondolewe katika ufupisho bila wasiwasi, lakini sentensi ya matibabu ya mapema ibaki, maana ndiyo sababu pekee anayopewa msikilizaji ya kutii maelekezo kwa faida ya mgonjwa wake na si ya majirani tu.

5.0 Ufupisho wa pili

Matini ifuatayo imejengwa kwa kufuata uchambuzi wa hapo juu.

> Kuna tahadhari ya ugonjwa wa Marburg. Ugonjwa huu huanza ghafla: homa kali, kichwa kuuma sana, na mwili kuchoka mno. Kuanzia siku ya tatu mgonjwa anaweza kuharisha majimaji, kuumwa tumbo, kusikia kichefuchefu au kutapika. Baadhi hutokwa damu, siku za baadaye; si wote. Usisubiri damu. Ukianza kuumwa hivi, au ukimjua anayeumwa hivi, piga simu 199 siku hiyohiyo, bila malipo, au toa taarifa zahanati. Sema mgonjwa yuko wapi, anaumwa nini, alianza lini. Matibabu ya mapema humwongezea nafasi ya kupona. Usiguse damu, matapishi, kinyesi wala majimaji mengine ya mwili wake, akiwa hai au akiwa amefariki. Usiguse nguo wala matandiko yake yaliyochafuka. Akifariki, msimwoshe wala msimzike wenyewe. Iiteni timu ya afya kwa namba hiyohiyo. Kama katika wiki tatu zilizopita ulimgusa, ulimuuguza au ulifua nguo zake, wajulishe wahudumu wa afya, na ujiangalie hadi zitimie wiki tatu tangu siku uliyomgusa mara ya mwisho. Usikae muda mrefu katika mapango au machimbo yenye popo.

Ufupisho huu ni mrefu kuliko theluthi moja inayozoeleka katika mtihani, na hilo ni sawa. Miongoni mwa vilivyotoka ni mwaka 1967, familia ya virusi, maumivu ya misuli, muda wa siku 2 hadi 21, na kauli kuhusu chanjo. Kuondoka kwa maumivu ya misuli kunaweza kupingwa, kwa kuwa ni dalili. Sababu ni kwamba yametajwa kuwa huambatana na zile tatu za mwanzo, na katika mazingira ya kilimo cha mkono maumivu hayo hayamtengi mgonjwa na mtu aliyeshinda shambani. Asiyeyasikia hatatenda tofauti. Muda wa siku 2 hadi 21 umeondolewa kwa sababu tendo linalotokana nao, kujiangalia kwa wiki tatu, limebaki. Kichefuchefu kimebaki ingawa kingeweza kumezwa na kutapika. Gharama yake ni maneno mawili.

Kifungu *Sema mgonjwa yuko wapi, anaumwa nini, alianza lini* hakimo katika matini chanzo. Ni nyongeza, na nyongeza katika ufupisho huhitaji kutetewa. Imeingizwa kwa sababu *atoe taarifa* ya kitaalamu ina maana ambayo mtaalamu huijua na mkulima hajafundishwa: taarifa ni mahali, dalili na tarehe. Kilichofanyika ni kulifungua neno, si kuongeza agizo. Neno *zahanati* nalo ni finyu kuliko *kituo cha kutolea huduma za afya*. Litafaa penye zahanati. Katika miji kama Kayanga mfupishaji aandike jina la kituo kilichopo.

Sentensi ya machimbo inabaki na udhaifu ambao lugha haiwezi kuuponya. Anayeishi kwa kuchimba bati hawezi kutii *usikae muda mrefu*. Mfupishaji hana mamlaka ya kulilegeza agizo wala ya kulitungia mbadala. Analoweza ni kumrudishia swali aliyetoa taarifa, ili maelekezo ya kazini, kama vile vifaa vya kujikinga, yaandikwe na mwenye utaalamu.

6.0 Kuupima ufupisho kabla ya kuutoa

Swali *mmeelewa?* halipimi kitu, kwa kuwa adabu ya mkutano hulijibu kabla ya akili. Kipimo kinachofaa ni kumsomea ufupisho mtu mmoja au wawili wasiohusika na uandishi wake, kisha kuwapa hali ya kuamua bila kuwaonesha maandishi tena. Mfano: mtu amepata homa kali ghafla jana jioni, hatapiki, hatoki damu, mkewe afanye nini, na lini? Jibu la *asubiri aone* linaonesha kwamba orodha ya dalili bado inasomwa kama masharti ya pamoja. Mfano mwingine: mgonjwa amefariki alfajiri na jamaa wanataka kumwosha kabla watu hawajajaa, wafanye nini? Na wa tatu: binti alifua shuka za mgonjwa Jumatano iliyopita na hajamgusa tena; ajiangalie hadi siku gani? Hapo jibu sahihi ni moja tu, na ni jina la siku: Jumatano ya tatu baada ya ile.

Pale ufupisho utakaposomwa kwa Runyambo, maswali haya yaulizwe kwa Runyambo, na kwa msikilizaji ambaye hakuisikia matini ya Kiswahili. Msikilizaji aliyezisikia lugha zote mbili hujaza pengo la moja kwa kumbukumbu ya nyingine, na kosa la mfasiri halionekani. Jibu likipotoka, tatizo litafutwe kwanza katika sentensi ya Kiswahili: mara nyingi litakuwa katika *na*, katika *baada ya*, au katika kitenzi ambacho hakikusema nani atende. Sentensi hiyo irekebishwe, kisha swali lilelile aulizwe mtu mwingine ambaye hajalisikia.